Kukopa kwa Ajili ya Kununua Cherehani: Je, Nyongeza ya Mapato Inatosha Kulipa Rejesho?

Mkopo wa kununua cherehani ni tofauti na mkopo wa ada ya shule au wa matibabu, kwa kuwa kitu kinachonunuliwa kinatarajiwa kujilipia chenyewe. Hata hivyo, mafundi wengi hujikuta wakilipa marejesho kwa fedha za chakula, ilhali cherehani ipo na inafanya kazi. Mara nyingi sababu si uvivu wala ubovu wa mashine. Sababu ni kwamba, kabla ya kukopa, rejesho la mwezi lililinganishwa na mapato yote ya fundi badala ya kulinganishwa na ile nyongeza ambayo mashine mpya italeta.

Makala haya yanaeleza namna ya kufanya ulinganisho huo kwa usahihi. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Bei na mapato yaliyomo ni ya mfano tu. Msomaji anashauriwa kuweka takwimu zake mwenyewe mahali pake.

Fundi wetu wa mfano

Fundi huyu anashona nguo za kike na sare za shule kwa cherehani ya miguu. Wateja huja na vitambaa vyao, naye hutoza wastani wa Sh 10,000 kwa nguo moja. Anakusudia kununua cherehani ya umeme pamoja na meza na mota yake. Gharama yote, ikiwa ni pamoja na usafiri na kuvuta umeme hadi mahali pa kazi, ni Sh 800,000. Yeye mwenyewe ana akiba ya Sh 220,000.

Hatua ya kwanza: pima kazi unayoikosa

Cherehani yenye kasi humwezesha fundi kushona zaidi, lakini haimletei wateja. Kwa hiyo, swali la kwanza si kwamba mashine inaweza kushona nguo ngapi kwa siku, bali ni nguo ngapi ambazo leo unazikataa au unazipoteza kwa kuchelewa. Njia rahisi ya kulijua hilo ni daftari. Kwa muda wa wiki nne, andika kila mteja uliyemrudisha, kila aliyeondoka baada ya kuambiwa asubiri muda mrefu, na kila kazi uliyompa fundi mwenzako kwa kukosa nafasi. Idadi hiyo ndiyo nguo zako za nyongeza.

Daftari la fundi wetu linaonyesha nguo 16 katika mwezi wa kawaida. Kama daftari lingekuwa tupu, ingekuwa heri kuliahirisha shauri la mkopo, kwa maana mashine mpya ingeshona zilezile nguo za zamani kwa haraka zaidi, na mapato yangebaki yaleyale.

Hatua ya pili: toa gharama

Nguo 16 kwa Sh 10,000 ni Sh 160,000. Fedha hizo ni mauzo, si faida. Kutoka humo hutoka gharama zifuatazo:

- Uzi, zipu, vifungo na gamu, Sh 2,000 kwa kila nguo: Sh 32,000
- Umeme: Sh 15,000
- Akiba ya matengenezo, yaani sindano, mafuta na malipo ya fundi wa mashine: Sh 13,000

Kinachobaki ni Sh 100,000. Hiyo ndiyo nyongeza halisi ya mwezi wa kawaida, na ndiyo pekee inayostahili kulinganishwa na rejesho.

Gharama ya umeme yahitaji kuangaliwa kabla ya kununua, kwa kuwa hutegemea aina ya mota. Mota za aina ya zamani huzunguka muda wote swichi inapokuwa imewashwa, hata wakati fundi anapokata kitambaa au kupiga pasi. Mota ya servo huzunguka pale tu kanyagio linapokanyagwa. Mota ya bei nafuu inaweza hivyo kuongeza matumizi ya umeme kila mwezi kwa miaka yote itakayotumika.

Ikiwa muda wa kushona nguo za nyongeza utakulazimu kuacha shughuli nyingine ya kipato, kama vile kuuza vitafunwa asubuhi, toa pia kipato hicho kilichoachwa.

Hatua ya tatu: jua rejesho halisi

Fundi wetu anaomba mkopo wa Sh 600,000 wa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Hicho ndicho kiwango cha ukomo kilichowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa watoa huduma ndogo za fedha wa Daraja la Pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana. Kiwango cha riba kinaweza kuwa kimoja, lakini kiasi kinacholipwa hutofautiana kulingana na namna riba inavyokokotolewa.

Namna ya kwanza ni riba inayotozwa juu ya mkopo wa awali kwa muda wote. Kila mwezi mkopaji hulipa Sh 50,000 za deni la msingi na Sh 21,000 za riba, jumla Sh 71,000. Kwa mwaka mzima ni Sh 852,000. Hata mwezi wa mwisho, akiwa amebakiza deni la Sh 50,000 tu, bado anatozwa riba juu ya Sh 600,000.

Namna ya pili ni riba inayotozwa juu ya salio linalopungua. Kwa kiwango hichohicho cha asilimia 3.5, rejesho linakuwa takriban Sh 62,100 kwa mwezi, na jumla ya mwaka ni takriban Sh 745,000. Tofauti kati ya namna hizi mbili inazidi Sh 100,000. Ndiyo maana haitoshi kuuliza, "Riba ni asilimia ngapi?" Uliza pia, "Nitalipa jumla ya shilingi ngapi hadi deni liishe?" na uombe jibu hilo kwa maandishi, pamoja na ratiba ya marejesho.

Uliza vilevile kuhusu ada ya maombi, bima ya mkopo na makato mengine. Katika mfano wetu, Sh 20,000 zinakatwa mwanzoni. Fundi anapokea Sh 580,000 mkononi, lakini anadaiwa Sh 600,000. Akijumlisha na akiba yake ya Sh 220,000, ndipo anapata Sh 800,000 anazohitaji. Asingejua mapema juu ya makato hayo, angefika dukani fedha zikiwa pungufu.

Hatua ya nne: tafuta idadi ya nguo inayobeba deni

Tuseme fundi amepewa mkopo wa namna ya kwanza, wenye rejesho la Sh 71,000. Kila nguo ya nyongeza humwachia Sh 8,000 baada ya kutoa uzi na vifaa. Kila mwezi anahitaji Sh 71,000 za rejesho na Sh 28,000 za umeme na matengenezo, jumla Sh 99,000. Akigawanya Sh 99,000 kwa Sh 8,000 anapata nguo 12 na ziada, yaani nguo 13.

Nguo 13 za nyongeza kila mwezi, zaidi kidogo ya tatu kwa wiki, ndizo kizingiti chake. Zikipungua hapo, deni linalipwa na mapato ya zamani ya nyumbani. Kwa kuwa daftari linaonyesha nguo 16, mkopo unabebeka, ingawa nafasi iliyobaki ni nguo 3 tu. Fundi ambaye daftari lake linaonyesha nguo 10 hana budi kupunguza mkopo, kuongeza akiba kwanza, au kutafuta mashine ya bei nafuu.

Hatua ya tano: tazama misimu

Rejesho ni lilelile kila mwezi, lakini kazi ya kushona haiko hivyo. Tuseme fundi wetu ana msimu wa kazi nyingi kuanzia Novemba hadi Januari, kwa sababu ya Krismasi na kufunguliwa kwa shule, ambapo nyongeza yake hufika Sh 160,000 kwa mwezi. Februari hadi Mei kazi hudorora, nguo za nyongeza hupungua, na nyongeza halisi huwa Sh 30,000. Miezi mitano iliyobaki ni ya kawaida, yenye Sh 100,000.

Akianza kulipa Februari, atapungukiwa Sh 41,000 kila mwezi kwa miezi minne mfululizo, jumla Sh 164,000, kabla mashine haijamletea akiba yoyote. Akianza kulipa Novemba, miezi mitatu ya kwanza itamwachia ziada ya Sh 267,000. Akiitunza ziada hiyo badala ya kuitumia, itaziba pengo lote la miezi minne inayofuata. Cherehani ni ileile, mkopo ni uleule. Kilichobadilika ni mwezi wa kuanza. Kama huwezi kungoja msimu, omba ratiba yenye marejesho madogo katika miezi ya kazi haba, na usikubali kwa mdomo tu.

Cherehani itarudisha gharama yake lini?

Ukijumlisha miezi yote 12, nyongeza ya fundi wetu ni Sh 1,100,000, wastani wa takriban Sh 91,700 kwa mwezi. Cherehani imemgharimu akiba yake ya Sh 220,000 na marejesho ya Sh 852,000, jumla Sh 1,072,000. Kwa hiyo itarudisha gharama yake baada ya takriban miezi 12. Kwa riba ya salio linalopungua, ingekuwa miezi kumi na nusu. Kwa fedha taslimu, ingekuwa chini ya miezi 9.

Maana yake ni kwamba katika mwaka wa kwanza fundi wetu hatatajirika: atamaliza deni, atarudisha akiba yake, na atabaki na Sh 28,000 pamoja na cherehani. Faida yenyewe itaanza mwaka wa pili, mradi mashine iwe bado nzima. Kwa sababu hiyo, jaribu mashine dukani kwa vitambaa unavyovishona, vyepesi na vizito, dai risiti na dhamana ya maandishi, na uhakikishe kuwa vipuri vyake vinapatikana mahali unapoishi. Mashine itakayokufa kabla ya muda wa kurudisha gharama kwisha haifai kukopewa, hata kama bei yake ni ndogo.

Kabla ya kutia sahihi

Hakikisha kwamba mkopeshaji ana leseni. Soma mkataba wote na ubaki na nakala yake. Fahamu ni mali gani imewekwa dhamana. Ikiwa ni cherehani yenyewe, kuchelewa kulipa kunaweza kukuondolea chombo kinacholipa deni. Uliza pia adhabu ya kuchelewa, na kama ukilipa deni lote mapema riba ya miezi iliyobaki itapunguzwa.

Ukiwa na lalamiko dhidi ya mtoa huduma aliye chini ya usimamizi wa Benki Kuu, liwasilishe kwanza kwa mtoa huduma huyo kwa maandishi na utunze nakala. Usiporidhika na jibu lake, unayo haki ya kulifikisha Benki Kuu ya Tanzania.