Toni Mbili za Juu, au Moja Iliyotandazwa?

Sisi tufundishao katika miteremko ya Kilimanjaro twajua ya kuwa Kichaga, kama lugha nyingi za Kibantu, hupambanua maneno kwa toni, yaani kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni, na kwa hiyo swali moja hupita bila kuulizwa: neno likiwa na silabi mbili za juu zinazofuatana, je, lina toni mbili, au lina moja tu?

Mwaka 1973 William Leben alieleza ya kuwa katika umbo la asili la neno toni mbili zilizo sawa haziwezi kukaa bega kwa bega. John Goldsmith aliijadili kanuni hiyo mwaka 1976 na kuipa jina. Kwa Kiswahili twaweza kuiita Kanuni ya Mpindo wa Lazima. Maana yake ni hii: silabi mbili za juu zikifuatana, ni toni moja iliyotandazwa, kama mkeka mmoja waliolalia watoto wawili.

Ushahidi mzuri watoka katika Kishona cha Zimbabwe. Tukiweka alama ´ juu ya irabu ya sauti ya juu, samaki ni *hóvé*. Kiambishi *né-*, chenye maana ya "na", nacho ni cha juu. Vikiungana, toni mbili zilizo sawa zakutana, na ile ya pili huondolewa: *néhove*. Tazama ya kuwa silabi zote mbili za *hove* zimeshuka pamoja. Hata *mbúndúdzí*, viwavi waharibifu, zote tatu hushuka tukisema "kama viwavi": *sémbundudzi*. Kama kila silabi ingalikuwa na toni yake, ingalishuka ya kwanza peke yake. Aondoaye mkeka huwaacha wote chini.

Lakini tukishuka kutoka Moshi kwa njia ya Tanga, twapita chini ya milima ya Usambara, na huko Kishambaa chaipinga kanuni hii. Nyoka ni *nyóká*, na silabi zake zote mbili zi sawa kwa urefu wa sauti. Kondoo ni *ngó!tó*: silabi ya pili ni ya juu, ila imeteremka kidogo chini ya ya kwanza, nasi twaonyesha hivyo kwa alama !. David Odden alieleza ya kuwa *nyóká* lina toni moja iliyotandazwa, bali *ngó!tó* lina mbili, na ngazi ile ndogo ndiyo mpaka wao. Ndiyo sababu mwaka 1986 alisema kanuni hii si sheria ya lugha zote. Kila lugha ipimwe peke yake.

Basi mwalimu akusanyaye maneno ya lugha ya kwao asitosheke na alama mbili za juu. Na ayatamke maneno mawili ya namna hii moja baada ya jingine, asikilize kama silabi ya pili yateremka. Kisha aongeze kiambishi cha juu, atazame ni silabi ngapi zitakazobadilika. Asipofanya hivyo, katika kamusi yake kondoo na nyoka watavaa alama zile zile.