Ada ya Dar, euro za Berlin

Tuchukue mfano wa Mtanzania aliyeko Berlin kwa utafiti, huku bado akisoma shahada ya uzamili katika chuo cha umma Dar es Salaam. Anadaiwa ada ya shilingi 1,400,000, na kwa mara ya kwanza anataka kuilipa kwa jukwaa la kutuma fedha mtandaoni.

Anakwama mapema. Vyuo vya umma Tanzania hupokea ada kwa namba ya malipo, maarufu kama kontroo namba, inayotolewa kupitia mfumo wa serikali wa GePG. Majukwaa mengi ya nje hayana pa kuiandika. Kwa kawaida yanatuma kwa akaunti ya benki au simu. Njia salama ni hatua mbili: anatuma kwenye akaunti yake mwenyewe nyumbani, kisha analipa kupitia programu ya benki hiyo.

Gharama kubwa hujificha kwenye kiwango cha kubadilishia fedha. Tuseme sokoni euro 1 ni shilingi 2,900, jukwaa linatoa 2,830 na kukata euro 4. Akiweka euro 500, zinafika shilingi 1,403,680. Kwa kiwango cha soko zingekuwa 1,450,000, kwa hiyo ada halisi ya kutuma ni shilingi 46,320, si zile euro 4 zilizotangazwa.

Salio la 3,680 ni dogo mno, kwani benki inaweza kukata makato yake. Ankara ikidai kiasi kamili, pungufu hukataliwa. Kabla ya kubonyeza, ahakikishe jina linalotokea kwenye skrini ni la chuo chake, na kwamba namba haijaisha muda.