Tetemeko la Kagera: Ukubwa Mmoja, Ukali Tofauti

Alasiri ya Jumamosi, 10 Septemba 2016, tetemeko lilipiga mkoa wa Kagera. Watu kadhaa walifariki na nyumba nyingi zikabomoka au kupasuka kuta. Redio zilitangaza ukubwa wa 5.9. Mtikisiko ulifika hadi Kampala, na huko nako tetemeko lilikuwa la 5.9, ingawa watu walitikiswa tu na kutoka salama.

Ukubwa huo ni wa tetemeko lenyewe, hivyo haubadiliki kwa kuhama mji. Charles Richter alianza kuupima mwaka 1935 huko Kalifonia kwa kutazama urefu wa mawimbi yaliyochorwa na mtambo, kisha kusahihisha kwa umbali wa mtambo kutoka kwenye kitovu. Redio zetu bado hulitaja jina lake, lakini kwa matetemeko makubwa wataalamu sasa hukadiria mambo matatu: eneo la ufa uliofyatuka, umbali ambao miamba imeteleza, na ugumu wa miamba hiyo. Hayo huyapata kwa kuchambua mawimbi yaliyonaswa na mitambo ya nchi mbalimbali, ndiyo maana namba ya kwanza hurekebishwa baadaye. Kila namba moja inapoongezeka, nishati huzidi karibu mara 32.

Ukali ni habari ya mahali. Hupimwa kwa kipimo cha Mercalli, chenye madaraja kutoka I hadi XII, na ushahidi wake ni watu, vyombo na majengo. Mtaalamu hupita mtaa kwa mtaa akiuliza: waliolala waliamka? Vyombo vilianguka kabatini? Plasta ilibanduka? Milango na madirisha yakitikisika tu, hilo ni daraja la IV. Samani nzito zikisogea na plasta kudondoka hapa na pale, ni la VI. Katika la VII, jengo lililojengwa vizuri halidhuriki sana, ila lile dhaifu huharibika vibaya. Kwa hiyo ni lazima aandike pia aina ya nyumba, kwani ukuta wa matofali ya udongo ukianguka si ushahidi sawa na ukuta wa zege ukianguka. Pasipo watu wala majengo, ushahidi ni haba.

Ukali hutegemea umbali, kina cha tetemeko na udongo, maana udongo laini hukuza mtikisiko kuliko mwamba. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika, likiachia nishati takriban mara 22 ya lile la Kagera. Nyumba zilianguka Kalemie, lakini vifo vilivyoripotiwa vilikuwa vichache kuliko vya Kagera. Aliyesikia namba mbili hizo peke yake angetarajia kinyume chake.