Kuba la Maji Juu ya Rangi ya Jicho

Mwombe mtu atazame mbele, kisha simama ubavuni mwake uliangalie jicho lake kwa karibu. Utaona kwamba mbele ya ile duara ya rangi kuna kuba dogo lililo angavu kama tone la maji, limetokeza nje ya jicho. Duara yenyewe imekaa nyuma zaidi, chini ya kuba hilo. Sasa zunguka polepole kuelekea usoni pake. Duara ya rangi itaonekana kana kwamba inasogea na kujigeuza ikufuate, ingawa mtu huyo hajatikisa jicho.

Kisa chake ni kilekile cha sarafu katika bakuli. Weka sarafu chini ya bakuli, rudi nyuma mpaka ukingo uifiche, kisha mtu amimine maji bila kuigusa. Sarafu itajitokeza. Mwanga unaotoka majini kuingia hewani hupinda, na jicho la mtazamaji huiona sarafu ikiwa juu zaidi ya pale ilipo. Kuba la jicho, yaani konea, pamoja na majimaji yaliyo nyuma yake, hufanya kazi ya maji ya bakuli. Sarafu ni airisi, ile duara ya rangi yenye mboni nyeusi katikati.

Wanaotengeneza wahusika wa filamu za katuni na magemu ya kompyuta wanalijua kuba hili vizuri, kwa sababu kamera ikisogea hadi uso ukajaza kioo, jicho ndilo la kwanza kufichua kwamba mtu huyo hana uhai. Kwa miaka mingi jicho la kompyuta lilikuwa tufe lililovishwa picha: weupe, rangi, mboni, na nukta nyeupe ya mng'ao iliyochorwa humohumo. Kwa mbali lilitosha. Kwa karibu lilifanana na gololi iliyobandikwa karatasi.

Dawa yake ni sheda. Sheda ni programu fupi inayoiambia kompyuta kila nukta ya uso wa kitu iwe na rangi gani mwanga unapoipiga. Ya ukuta inaweza kuwa rahisi sana. Ya jicho lazima ijue kwamba kuna kitu kingine chini ya uso unaoonekana, na kwamba njia ya kukifikia imepinda.

Vipimo vya kuanzia vinatoka kwenye mwili wenyewe. Jicho la mtu mzima lina upana wa milimita 24 hivi. Konea ina upana wa karibu milimita 12, na kutoka kilele chake hadi kwenye mboni kuna takriban milimita 3. Majimaji yaliyo katikati yana kipimo cha mpindiko cha 1.336, karibu sawa na maji ya kawaida yenye 1.33. Hewa ina 1.

Milimita 3 ni kidogo, lakini tufuate mwale mmoja. Chukua kamera inayolitazama jicho kutoka pembeni, kwa pembe ya nyuzi 45. Ili hesabu iwe nyepesi, tuchukulie kwamba uso wa konea pale mwale unapogonga ni bapa na unatazama mbele. Kama kungekuwa na hewa tupu ndani, mwale ungenyooka, na hadi unafika kwenye airisi ungekuwa umesogea kando milimita 3 kamili. Majimaji yanaupinda mwale huo hadi nyuzi 32 hivi, na sasa unasogea milimita 1.9 tu. Tofauti ni zaidi ya milimita moja, kwenye duara yenye upana wa milimita 12. Katika picha ya karibu, hiyo ndiyo tofauti kati ya airisi inayoonekana imezama ndani ya shimo na ile inayoelea juu kumwelekea mtazamaji.

Katika programu ya Blender, ambayo haina malipo, njia ya moja kwa moja ni kujenga jicho kwa matufe mawili. La ndani lina weupe na airisi iliyo bapa au iliyobonyea kidogo. La nje ni angavu na lina kuba la konea. Mtambo wake wa kuzalisha picha uitwao Cycles hufuata miale mmoja mmoja, kwa hiyo ukiipa konea `IOR` ya 1.336, kazi ya kuipinda inafanywa na mtambo wenyewe.

Hapo wengi hukutana na makosa mawili. La kwanza ni kuipa konea unene, yaani ukuta wa nje na wa ndani, huku nyuma ya ukuta wa ndani kumeachwa hewa. Mwale unapinda ukiingia, kisha unapinda kurudi ukitoka, na mwishowe ni kama haukupinda kabisa. Kulitambua ni rahisi: badilisha `IOR` iwe 1.0 na utazame picha kutoka pembeni. Airisi isiposogea, konea haifanyi kazi. Ondoa ukuta wa ndani.

La pili ni giza. Konea inawekwa, na airisi iliyokuwa ikipendeza inageuka nyeusi au inajaa chembechembe. Hii hutokea kwa sababu mtambo, unapouliza kama taa inaifikia airisi, hutuma mwale ulionyooka kuelekea kwenye taa, nao unagonga konea na kuhesabiwa kuwa umezibwa. Suluhisho la siku nyingi ni kuiambia sheda ya konea iwe wazi kabisa kwa miale ya kivuli peke yake: changanya `Transparent BSDF` na sheda ya konea, na utumie `Is Shadow Ray` kuamua ipi ifanye kazi. Taa inapita, kamera bado inaona mpindiko.

Suluhisho hilo linagharimu kitu kimoja cha thamani. Konea halisi ni lenzi. Mwanga wa dirisha lililo kushoto unapoingia hupindwa na kukusanywa, ukaangukia upande wa kulia wa airisi kama hilali ya mwanga. Upande ulio mbali na dirisha ndio unaong'aa zaidi! Mwangalie yeyote aliyeketi kando ya dirisha na utaiona. Mwale wa kivuli uliopita moja kwa moja hauwezi kuizalisha. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022, Blender ina chaguo la `Shadow Caustics` linaloukokotoa mwanga huo uliokusanywa, bora lihusishwe na taa, konea na airisi kwa pamoja. Asiyetaka kulitumia huibonyeza airisi ndani kama kisahani. Ukingo wa mbali wa kisahani hicho huelekea kwenye taa zaidi, na hilali inapatikana bila gharama kubwa.

Kwa macho ya kahawia iliyokolea, ambayo ndiyo ya wengi wetu, hilali hiyo ina uzito wa pekee. Jicho la buluu linaonyesha kina kwa nyuzinyuzi zake. Katika jicho la kahawia rangi inazifunika nyuzi hizo, na ikikosekana hilali, airisi na mboni huungana kuwa doa moja jeusi.

Gemu haliwezi kusubiri miale ifuatwe mmoja mmoja, maana picha zinahitajika 30 au 60 kila sekunde. Mwaka 2013 timu ya kampuni ya Activision, akiwemo Jorge Jimenez, ilionyesha katika mkutano wa GDC uso wa binadamu uliokokotolewa papo hapo, na macho yake yalikuwa na mpindiko wa namna hii. Wazo ni kubaki na uso mmoja tu, kisha kuhesabu mwale ungefika wapi kwenye airisi na kuisoma picha ya airisi mahali hapo:

```
vec3 r = refract(-V, N, 1.0 / 1.336);
float d = kina / dot(-r, F);
vec2 hama = vec2(dot(r, T), dot(r, B)) * d;
uv += hama * kipimo * barakoa;
```

Mstari wa kwanza unaupinda mwale. Wa pili unauliza mwale huo usafiri umbali gani hadi ufike kwenye airisi, na wa tatu unapima umesogea kando kiasi gani. Wa mwisho unaisogeza picha. Hiyo `barakoa` huzuia weupe wa jicho usisogee, na `kina` lazima kipungue hadi sifuri kwenye ukingo wa konea. Kisipopungua, rangi ya airisi humwagikia kwenye weupe mhusika anapotazama pembeni.

Kilichobaki ni unyevu. Konea ikitazamwa kwa mbele huakisi asilimia 2 tu ya mwanga, lakini asilimia 2 ya dirisha lenye jua bado inaishinda airisi ya kahawia. Kwa hiyo mng'ao juu ya konea uwe mkali, wenye umbo la dirisha lenyewe hadi nondo zake, na `Roughness` ikaribie sifuri. Juu ya weupe hali ni tofauti. Ngozi laini inayoufunika ina vijivimbe, na mng'ao unapovuka kutoka konea kwenda huko unapaswa kuvunjika vipande. Mng'ao unaobaki mzima pande zote mbili unalifanya jicho lionekane la kioo.

Kwenye ukingo wa ukope wa chini machozi hukaa kama mfereji mwembamba, wenye kimo cha robo milimita hivi. Mafundi hulitengeneza kama utepe mdogo wa pekee, wenye `IOR` ya 1.33, unaogusa ukope na tufe la jicho. Mfereji huu unashika mwanga kama uzi, na unaondoa ile mwanya kavu inayomfanya mhusika aonekane amevaa kinyago. Juu, ukope na kope zake zidondoshe kivuli kwenye weupe. Weupe wenyewe usiwe wa karatasi: una mishipa, umenjano kidogo, na kwa watu wenye ngozi nyeusi mara nyingi una madoa ya kahawia kando ya konea.

Hebu tufikirie bibi kizee aliyeketi sebuleni, dirisha likiwa kushoto kwake na kamera imejaa uso wake. Fundi amemaliza kila kitu, na anataka kuhakikisha. Anaganda kichwa, kisha anageuza macho ya bibi nyuzi 20 upande mmoja, halafu upande mwingine. Mboni inasafiri, airisi inasafiri, na hilali inahama ukingo. Taswira ya dirisha inasogea kidogo kuliko mboni, kwa kuwa dirisha halijaondoka ukutani. Ikisafiri sambamba na mboni, basi imo ndani ya picha ya airisi, masalia ya taa za mpiga picha aliyelipiga jicho halisi. Fundi ataifungua picha hiyo, aifute nukta ile nyeupe, na kuigeuza tena macho ya bibi kushoto na kulia.