Jaribio la Kai-mraba: Idadi Tarajiwa na Hitimisho Linaloeleweka

Mwezi Septemba 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha nchini Uingereza matokeo ya mahojiano yaliyofanywa na wagonjwa waliolazwa katika hospitali za London. Wagonjwa wenye saratani ya mapafu waliulizwa kuhusu historia yao ya uvutaji wa tumbaku. Kwa kila mmoja wao alihojiwa pia mgonjwa mwingine wa jinsia hiyo hiyo na wa rika lile lile, ambaye hakuwa na saratani. Aliyewahi kuvuta angalau sigara moja kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja alihesabiwa kuwa mvutaji.

Utafiti huo hukumbukwa zaidi kwa sababu ya wanaume, kwani karibu wote waliougua walikuwa wavutaji. Hata hivyo, ni jedwali la wanawake linalofaa zaidi kufundishia jaribio la kai-mraba, kwa kuwa tofauti iliyoonekana humo si kubwa kiasi cha kumaliza ubishi kwa kutazamwa tu.

| | Wavutaji | Wasiovuta | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wenye saratani ya mapafu | 41 | 19 | 60 |
| Wenye maradhi mengine | 28 | 32 | 60 |
| Jumla | 69 | 51 | 120 |

Miongoni mwa wanawake wenye saratani ya mapafu, wavutaji walikuwa asilimia 68.3, miongoni mwa wenzao walikuwa asilimia 46.7. Swali linalojitokeza ni hili: je, tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu, kutegemea nani aliangukia kuhojiwa?

Idadi tarajiwa hupatikanaje?

Jaribio huanza kwa kuchukulia kwamba uvutaji na ugonjwa havihusiani kabisa. Dhana hiyo haichukuliwi kwa sababu inaaminiwa, bali kwa sababu ndiyo inayotoa kipimo cha kulinganishia. Kama kweli mambo hayo mawili hayahusiani, basi sehemu ya wavutaji inapaswa kuwa ile ile katika makundi yote mawili, sawasawa na ilivyo kwa wagonjwa wote wakichanganywa pamoja.

Kwa jumla, wavutaji ni 69 kati ya 120. Kwa hiyo katika kundi la wagonjwa 60 wa saratani tungetarajia wavutaji 69 × 60 ÷ 120, yaani 34.5. Wasiovuta wangekuwa 51 × 60 ÷ 120, yaani 25.5. Kwa kuwa kundi la pili nalo lina watu 60, idadi tarajiwa zake ni hizo hizo. Kanuni ni moja kwa kila chumba cha jedwali: jumla ya mlalo wake huzidishwa kwa jumla ya safu yake, kisha hugawanywa kwa jumla kuu. Msomaji asishangazwe na nusu mtu. Idadi tarajiwa ni wastani wa kihesabu, na haipaswi kukadiriwa iwe namba kamili.

Kupima umbali

Hatua inayofuata ni kupima umbali kati ya idadi iliyohesabiwa na idadi tarajiwa. Wavutaji wenye saratani walikuwa 41 badala ya 34.5, tofauti ya 6.5. Katika jedwali la vyumba vinne, tofauti hiyo hujirudia katika kila chumba, ikiwa ya kuongezeka au ya kupungua. Tofauti zikijumlishwa zilivyo hufutana na kuleta sifuri. Ndiyo maana kila moja huzidishwa kwa yenyewe kwanza. Hapa 6.5 × 6.5 ni 42.25.

Kisha kila chumba hugawanywa kwa idadi tarajiwa yake, kwa kuwa kukosea kwa watu sita na nusu pale walipotarajiwa 25 ni jambo zito kuliko pale wangetarajiwa 2,000. Kwa vyumba viwili vya wavutaji, 42.25 ÷ 34.5 ni 1.225 kila kimoja. Kwa vyumba viwili vya wasiovuta, 42.25 ÷ 25.5 ni 1.657 kila kimoja. Jumla ya vyote vinne ni 5.76. Hiyo ndiyo kai-mraba, nayo huandikwa χ².

Namba hiyo husomwa pamoja na idadi ya vyumba vilivyo huru kubadilika. Jumla za pembeni zikishajulikana, ukijaza chumba kimoja tu cha jedwali hili, vitatu vilivyobaki hujijaza vyenyewe. Kwa hiyo uhuru wake ni 1. Kwa uhuru wa 1, bahati pekee huvuka 3.84 takriban mara 5 katika kila 100, na huvuka 6.63 takriban mara 1 katika kila 100. Thamani ya 5.76 iko kati ya mipaka hiyo miwili. Kwa hesabu kamili, bahati pekee ingeleta tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi takriban mara 16 katika kila 1,000.

Hitimisho kwa lugha ya kawaida

Hitimisho linaweza kuandikwa hivi: “Miongoni mwa wanawake waliohojiwa, uvutaji ulikuwa wa kawaida zaidi kwa wenye saratani ya mapafu (41 kati ya 60) kuliko kwa wenye maradhi mengine (28 kati ya 60). Kama uvutaji na ugonjwa havingehusiana, tofauti kubwa kiasi hiki ingetokea kwa nadra, chini ya mara 2 katika kila 100.”

Maneno hayo hayasemi kwamba asilimia 68 ya wavutaji hupata saratani. Hilo ni kugeuza jedwali kichwa chini. Hayasemi pia kwamba kuna uwezekano wa asilimia 98 kuwa uhusiano upo, kwani hesabu nzima ilifanywa kwa kuchukulia kwamba haupo. Wala hayathibitishi chanzo cha ugonjwa. Ili kuendeleza swali hilo, Doll na Hill walianza mwaka 1951 kufuatilia madaktari wa Uingereza, wakiuliza habari za uvutaji kabla ya ugonjwa kutokea.

Makosa mawili ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kuingiza asilimia badala ya idadi ya watu. Mtu akiandika 68.3 na 31.7 katika mlalo wa kwanza, 46.7 na 53.3 katika wa pili, atapata kai-mraba ya takriban 9.6, kana kwamba wamehojiwa watu 200. Mpaka wa 6.63 utakuwa umevukwa kwa ushahidi usiokuwapo.

Kosa la pili ni kutazama namba isiyohusika unapoamua kama jaribio linafaa. Kwa kawaida hushauriwa kwamba katika jedwali la vyumba vinne, idadi tarajiwa isiwe chini ya 5. Sharti hilo haliihusu idadi iliyohesabiwa. Katika jedwali la wanaume wa utafiti huo, wasiovuta walikuwa 2 tu kati ya wagonjwa 649 wa saratani, na 27 kati ya wenzao 649. Namba 2 huwatia wengi hofu, lakini idadi tarajiwa ya chumba hicho ni 29 × 649 ÷ 1,298, yaani 14.5, hivyo sharti limetimizwa. Doll na Hill wenyewe walitumia hapo jaribio halisi la Fisher, ambalo halitegemei makadirio ya kai-mraba. Idadi tarajiwa inaposhuka chini ya 5, hilo ndilo kimbilio linalofaa.