Mafuta ya gari yaandikwe wapi?

Gari la shirika limekwenda Pangani na kurudi Tanga mjini. Dereva ameleta risiti ya mafuta ya shilingi 90,000. Mwezi uliopita mhasibu aliandika risiti kama hiyo kwenye "Usafiri". Alipokuwa likizo, aliyemshikia nafasi aliiandika kwenye "Uendeshaji wa gari". Safari hii ofisa miradi amesisitiza iandikwe "Semina", kwa kuwa gari lilibeba vifaa vya semina. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya. Lakini mkurugenzi akiuliza mwishoni mwa mwaka shirika limetumia shilingi ngapi kwa mafuta, hakuna atakayeweza kumjibu, na ripoti ya mwaka huu haiwezi kulinganishwa na ya mwaka jana.

Watu wengi hudhani dawa yake ni programu mpya ya uhasibu. Programu huandika kile ilichoambiwa. Kinachokosekana ni orodha ya akaunti iliyopangwa kwa akili, pamoja na namba za vituo vya gharama, yaani namba zinazoonyesha kila shilingi imetumika kwa kazi ipi.

Tuchukue shirika dogo la mfano: watumishi saba, ofisi Tanga mjini, miradi miwili. Mmoja unawarudisha shuleni wasichana walioacha masomo, nao unalipiwa na mfadhili tutakayemwita A. Wa pili ni wa visima na kamati za maji, unaolipiwa na mfadhili B. Zipo pia fedha kidogo za shirika lenyewe, zitokanazo na ada na michango ya wanachama. Hizo tuzipe herufi M.

Shirika kama hili huulizwa maswali ya aina tatu, na kila swali lina mwulizaji wake. Mkaguzi wa hesabu anataka kujua kilinunuliwa nini: mishahara, pango, mafuta. Bodi inataka kujua kila kazi imegharimu kiasi gani. Mfadhili anataka kujua fedha yake, na yake tu, imekwenda wapi. Kosa la kwanza, ambalo nimelikuta kwenye madaftari mengi kuliko lolote lingine, ni kujaribu kuyajibu maswali yote matatu kwa jina moja la akaunti. Ndipo zinapozaliwa "Mafuta ya mradi wa wasichana A", "Mafuta ya visima B", "Mafuta ya ofisi". Akija mfadhili wa tatu, orodha nzima inaandikwa upya. Aina 40 za matumizi, kazi tatu na wafadhili watatu zinaweza kuzaa akaunti 360, ilhali ukivitenga vitu hivyo una namba 46 tu za kukumbuka.

Kwa hiyo tunavitenga. Kila malipo yanapata alama tatu zinazosimama pamoja, kwa mfano 5310-22-B. Ya kwanza ni akaunti, nayo inajibu swali la kitu gani kilinunuliwa. Ya pili ni kituo cha gharama, yaani kazi iliyofanyika. Ya tatu ni fedha ya nani. Hakuna alama inayoruhusiwa kufanya kazi ya mwenzake. Ndiyo maana akaunti iitwayo "Semina" haifai hata kidogo: semina ni kazi, haiuzwi dukani. Kinachonunuliwa ni ukumbi, chakula, nauli na shajala.

Akaunti hupewa namba kwa makundi yanayofahamika na wahasibu wengi: 1 kwa mali, 2 kwa madeni, 3 kwa akiba na mifuko, 4 kwa mapato na 5 kwa matumizi. Ndani ya matumizi acha nafasi. Mafuta yakiwa 5310, nauli za washiriki ziwe 5320 na posho za kujikimu za watumishi 5330, ili ikizuka haja ya matengenezo ya gari mwakani, 5315 iwepo bila kuvuruga mpangilio. Vituo vya gharama navyo vianzie 10, visianzie 01. Sababu ni ya kawaida kabisa: ukichapa 01 kwenye Excel, sifuri inapotea na namba inabaki 1, na siku ya kutafuta nusu ya malipo hayaonekani. Katika shirika letu, 10 ni mradi wa wasichana, 21 ujenzi wa visima, 22 mafunzo ya kamati za maji na 90 uendeshaji wa ofisi.

Sasa twende Pangani. Ofisa miradi amechukua masurufu ya shilingi 1,500,000 kwa semina ya siku mbili ya wanakamati 30. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika kabla semina haijaanza, kwa sababu fedha ikishatoka benki huandikwa papo hapo kuwa ni matumizi. Masurufu si matumizi. Ni fedha ya shirika iliyo mikononi mwa mtumishi, na mahali pake ni kundi la mali, tuseme 1310. Inabaki huko hadi arudi na risiti.

Amerudi. Ukumbi 150,000, chakula 480,000, nauli za washiriki 600,000, shajala 60,000, mafuta 90,000. Jumla 1,380,000, na shilingi 120,000 amezirudisha benki. Mhasibu anaandika mistari mitano, kila mmoja na akaunti yake, lakini yote ikiwa na 22-B. Shilingi 120,000 zinaipunguza 1310, na deni la ofisa linakwisha. Laiti zile 1,500,000 zingeandikwa matumizi siku ya kwanza, hizi 120,000 zingekuja kuandikwa mapato, na mfadhili B angeripotiwa semina ghali kuliko ilivyokuwa. Nimeona ripoti iliyokuwa na "mapato mengineyo" ya kupendeza ambayo yote yalikuwa chenji ya masurufu.

Baada ya hapo kila mwulizaji anapata jibu lake bila mtu kufungua majalada. Bodi ikichuja 22 inaiona semina nzima: shilingi 46,000 kwa kila mshiriki. Mkaguzi akichuja 5310 anaona mafuta yote ya mwaka, ya miradi na ya ofisi. Shirika lisilo na programu linaweza kufanya haya kwa jedwali moja la Excel ambalo kila mstari ni malipo mamoja, lenye safu za tarehe, hati, maelezo, akaunti, kazi, mfadhili na kiasi. Mafuta yaliyolipwa kwa fedha ya B yanapatikana hivi:

```
=SUMIFS(G:G, D:D, 5310, F:F, "B")
```

Wenye QuickBooks huwa wanaiweka kazi kwenye sehemu iitwayo `Class`. Muhimu ni kuwa orodha ya akaunti ibaki fupi.

Kinachofuata ndicho kinachohitaji kufikiriwa kuliko vyote, nacho ni bajeti ya mfadhili. Yeye ana kasma zake, kwa majina yake. Tuseme B ana "Mafunzo ya jamii" na "Usafiri wa mradi". Usizibadili akaunti zako zifanane na kasma zake, maana A ana majina mengine na mwakani atakuja C. Tengeneza jedwali la kuoanisha: upande huu akaunti na kazi, upande ule kasma. Ukumbi, chakula, nauli za washiriki na shajala za kazi 22 zinaingia kwenye Mafunzo ya jamii, jumla 1,290,000. Mafuta yanaingia kwenye Usafiri wa mradi, 90,000.

Jedwali hilo lina faida nyingine: linaipima orodha yako. Akaunti pamoja na kazi yake lazima iangukie kasma moja tu kwa kila mfadhili. Ungekuwa na akaunti moja pana iitwayo "Usafiri", yenye mafuta na nauli za washiriki ndani yake, ingeangukia kasma mbili za B, na kila robo mwaka mhasibu angekaa na risiti akizitenganisha kwa mkono. Ukikuta hali hiyo, akaunti ni pana mno, igawe. Kwa upande mwingine, ukikuta akaunti nne ambazo kwa kila mfadhili zinaangukia kasma ileile, na hata mkurugenzi hajawahi kuuliza tofauti zake, ziunganishe. Kalamu, karatasi na wino havihitaji namba tatu.

Pango la ofisi lina shida yake. Ni shilingi 600,000 kwa mwezi, na ofisi inatumiwa na kila mtu. Kishawishi ni kumbebesha mwenye fedha nyingi mwezi huo, au, vibaya zaidi, kuwapelekea A na B risiti ileile ya mwenye nyumba, kila mmoja akidhani amelipa yeye. Njia safi ni kuandika pango lote kwenye 90 siku linapolipwa, kisha mwisho wa mwezi kuligawa kwa kigezo kilichoandikwa na kukubaliwa mapema. Kigezo kinachoeleweka upesi ni muda wa watumishi. Karatasi zao za muda zikionyesha asilimia 50 kwa wasichana, 30 kwa maji na 20 kwa shughuli za jumla, basi 300,000 zinahamia kituo 10 kwa fedha ya A, 180,000 zinahamia mradi wa maji kwa fedha ya B, na 120,000 zinabaki 90, zikilipwa na M. Akaunti ya pango haibadiliki. Kinachohama ni kazi na mfadhili. Uhakiki wake ni mwepesi: jumla ya pango la mwaka kwa wafadhili wote ni lazima iwe 7,200,000, sawa na risiti za mwenye nyumba. Ikizidi, kuna shilingi iliyolipiwa mara mbili.

Namba peke yake hazimzuii mtu kuandika anavyojisikia. Kila akaunti iwe na maelezo mafupi ya kilichomo na kisichokuwamo. Kwa mfano: "5320, nauli anayopewa mshiriki asiye mtumishi, kwenda na kurudi, posho ya kujikimu ya mtumishi iko 5330." Kazi na mfadhili viandikwe na ofisa anayeomba fedha, kwenye fomu ya maombi, kabla fedha haijatoka, kwa kuwa yeye ndiye anayejua anakwenda kufanya nini. Akaunti iandikwe na mhasibu. Kisha fanya jaribio: chukua hati kumi za zamani, wape watu wawili waziwekee namba kila mmoja peke yake, halafu linganisha. Wanapotofautiana, usianze kwa kumlaumu mtu, soma kwanza yale maelezo.

"Mengineyo" waache iwepo, ila isomwe kila mwezi mstari kwa mstari. Kitu kinachojirudia humo kimeshastahili namba yake.

Mabadiliko yaanze siku ya kwanza ya mwaka wa fedha, si katikati. Na mfadhili akimaliza muda wake, herufi yake ifungwe ili isipokee malipo mapya, lakini isifutwe, wala asipewe mwingine. Mkaguzi akija mwakani akachuja B, akute visima vya B peke yake.