Mke Mbele, Mume Nyuma, Nyumbani Pamoja

Tuchukue mke ambaye amekuwa akikimbia kwa miaka kadhaa. Kilomita moja anaimaliza kwa dakika 6 huku akipiga soga. Mumewe anashinda kitini ofisini, na kilomita hiyohiyo inamchukua dakika 8. Wakitaka kufanya mazoezi pamoja, wengi wa namna hii huanza kukimbia bega kwa bega. Mume anajikaza asiachwe, mke anajibana asimwache, na haichukui muda mmoja wao anagundua kwamba goti linamuuma.

Dawa yake ni kulinganisha muda badala ya umbali. Wanatoka mlangoni pamoja, kila mtu na mwendo wake, simu zikiwa zimetegwa zilie baada ya dakika 15. Zikilia, kila mmoja anageuka palepale alipo. Mke atakuwa amefika kilomita 2.5, mume karibu 1.9. Wakirudi kwa mwendo uleule, watafika mlangoni kwa wakati mmoja.

Njia hii pia inaumbua. Mume akichelewa dakika tatu, ujue alianza kwa pupa, kwa hiyo safari ijayo apunguze mwendo tangu mwanzo. Ila barabara iwe tambarare. Penye mlima, au penye upepo wa mbisho upande mmoja, kwenda na kurudi havilingani na hesabu inaharibika.

Siku ya kukimbia kwa vipande, yule wa mbele ndiye anayerudi nyuma. Wanaanza pamoja na kukimbia dakika 2: mke anakaza na kufika mita 400, mume anafika 250. Kisha inakuja dakika 1 ya kupumua. Mume anaendelea mbele kwa kutembea, kama mita 90, na mke anarudi taratibu mita 60 zilizobaki. Wanakutana, wanaanza tena. Mizunguko sita ni dakika 18, na hakuna aliyesimama kumsubiri mwenzake. Kama mume bado anatweta kiasi cha kushindwa kutamka sentensi nzima dakika ya kupumua ikiisha, waifanye dakika 2. Mke atumie muda wa ziada kukimbia polepole kumzunguka. (Asimhesabie kwa sauti. Ndoa nayo ina pumzi yake.)

Siku moja katika wiki wanaweza kwenda bega kwa bega kweli, kwa mwendo wa mume. Kwa mke hiyo ni siku ya kulegeza miguu. Lakini mwendo upimwe kwa maneno ya mume: akianza kujibu kwa “ndiyo” na “mh” tu, watembee hadi pumzi irudi. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni jambo jingine: hapo mazoezi yanakoma na safari ni ya hospitali.

Hata hivyo, mke anayejiandaa kwa mbio za kilomita 21 hatatosheka na ratiba hii. Mbio zake ndefu za wikiendi atazikimbia peke yake, na mume anaweza kumfuata kwa baiskeli akiwa amebeba maji.